Darasa la sita na la saba kumaliza pamoja: jinsi ya kuandika habari hiyo ukiwa katani kwako

Chukua karatasi uandike mistari miwili. Mstari wa juu: darasa la tatu 2024, la nne 2025, la tano 2026, la sita 2027. Mstari wa chini: darasa la nne 2024, la tano 2025, la sita 2026, la saba 2027. Mistari yote inaishia mwaka mmoja.

Habari yenyewe ni hiyo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imepunguza elimu ya msingi Tanzania Bara kutoka miaka saba hadi sita, na mtaala mpya ukaanza Januari 2024 kwa darasa la awali, la kwanza na la tatu. Mtoto aliyekuwa la tatu mwaka ule anamalizia la sita. Aliyekuwa la nne amebaki na mtaala wa zamani, naye anakwenda mpaka la saba. Januari 2028 wote wawili wanabisha hodi kidato cha kwanza, wakati chini ya sera hiyo elimu ya sekondari ya miaka minne nayo ni sehemu ya elimu ya lazima.

Habari hii imekwisha kuandikwa mara nyingi kutoka Dodoma: waziri amesema, mbunge ameuliza, serikali imejipanga. Kutoka katani haijaandikwa vya kutosha, na katani ndiko iliko. Mwongozo huu ni wa mwandishi wa redio jamii, wa gazeti au wa mtandaoni, anayetaka kuifuatilia katika kata moja na kuwasikiliza wazazi, walimu na wanafunzi bila kuwageuza mapambo ya kauli za viongozi.

Kwanza, hesabu

Usianze na maoni. Ukimwuliza mtu anaonaje kuhusu mtaala mpya atakujibu kwamba ni mzuri ila una changamoto, na utarudi nyumbani na daftari lililojaa sentensi hiyo. Anza na idadi ya watoto, kwa sababu idadi ndiyo itakayokupa maswali ya kuuliza.

Nenda kwa Afisa Elimu Kata ukaombe vitu viwili: idadi ya wanafunzi walioandikishwa sasa katika yale madarasa mawili kwa kila shule ya msingi ya kata, na idadi ya vyumba vya madarasa vya shule ya sekondari ya kata. Sisitiza idadi ya sasa, iliyo kwenye rejista. Ukitumia ya 2024 utakosea, kwa sababu wapo waliohama, waliohamia, waliokariri na walioacha.

Tuchukue kata ya mfano yenye shule tatu za msingi. Kundi la mtaala mpya lina watoto 118, 96 na 74, jumla 288. Kundi la mtaala wa zamani lina 102, 88 na 70, jumla 260. Ukijumlisha unapata 548. Sekondari ya kata hupokea wanafunzi kama 230 kila Januari, ikiwaweka katika vyumba sita vinavyoachwa na kidato cha nne. Kwa kiwango cha wanafunzi 40 kwa chumba, watoto 548 wanahitaji vyumba 14. Pengo ni vyumba vinane.

Sasa ipunguze hesabu yako mwenyewe kabla hajakupunguzia mtu mwingine. Wapo watakaokwenda shule za binafsi na watakaopangiwa bweni kwingine. Muulize Afisa Elimu Kata ni wangapi wamekuwa wakitoka kwa njia hizo miaka miwili iliyopita. Akikwambia ni kama 40 kwa kila kundi, wanabaki 468, yaani vyumba 12 na pengo la vyumba sita. Hiyo ndiyo namba ya kuandika, pamoja na maelezo ya ulivyoipata.

Kuna jambo ambalo waandishi wengi hulipita. Wimbi hili haliishi Januari 2028. Kundi lile litakuwa kidato cha pili 2029, cha tatu 2030, cha nne 2031. Chumba kitakachokopwa kutoka maabara au ukumbi kwa "mwaka mmoja tu" kitahitajika miaka minne. Na walimu vivyo hivyo: mwalimu wa hisabati aliyekuwa na mikondo sita atakuwa na 12, na mzigo huo utapanda naye darasa hadi darasa. Mtu akikwambia ni tatizo la mpito, mwoneshe mwaka 2031 kwenye karatasi yako.

Baadaye tembea, ukaone kwa macho. Hesabu vyumba vinavyotumika na uandike kando maboma yaliyosimama bila paa. Boma si chumba. Taarifa za maandishi wakati mwingine huyachanganya, na ukienda mwenyewe utaona magugu yameota pale panapodaiwa pana darasa. Hesabu na matundu ya vyoo, hasa ya wasichana.

Barua, kabla ya mahojiano

Mwalimu wa shule ya serikali ni mtumishi wa umma na haruhusiwi kuisemea ofisi bila idhini. Ukimvamia na kinasa sauti getini, wewe utaondoka na habari, yeye atabaki na barua ya kujieleza. Kwa hiyo andika kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, nakala kwa Afisa Elimu Msingi na Afisa Elimu Sekondari, ukieleza shule unazotaka kutembelea, tarehe, na kwamba utahoji walimu kuhusu ufundishaji darasani. Taja shule kwa majina. Barua inayosema "shule mbalimbali" hukaa kwenye jalada.

Takwimu ziombe kwa barua nyingine. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mtunza taarifa siku 30 za kukujibu. Ni nyingi kwa habari ya kesho, lakini kwa habari ya 2028 zinatosha kabisa. Mkono mmoja unasubiri majibu, mwingine unaongea na wazazi.

Wazazi: waombe wahesabu

Mtafute mzazi mwenye watoto katika madarasa yote mawili. Wapo katika kila kijiji, maana watoto wengi hupishana mwaka mmoja au miwili, na pale mkubwa alipokariri wanakutana. Kwa mzazi huyu badiliko limeingia ndani ya nyumba. Kaka na mdogo wake watamaliza siku zinazokaribiana, na Januari watahitaji sare mbili, viatu jozi mbili na madaftari ya watu wawili kwa wakati mmoja.

Ada hailipwi. Elimu bila ada kuanzia msingi hadi kidato cha nne ilianza Januari 2016. Kuna waandishi wanaosikia "bila ada" wakaamini hakuna gharama, na kuna wanaosikia mzazi akilalamika wakaandika kwamba ada imerudi. Wote wamekosea. Waraka wa Elimu Namba 3 wa 2016 uligawa majukumu, na upande wa mzazi ulibaki na sare, madaftari na kalamu, na chakula cha mwanafunzi wa kutwa. Juu yake huwa ipo michango inayokubaliwa kwenye mikutano. Uwe na nakala ya waraka huo mkononi ili mzazi akitaja kitu ujue kimetoka wapi.

Ukishaamkia na kukaa, usiulize "gharama zinakuumiza vipi?" Swali hilo limebeba jibu lake. Sema hivi: "Mama, Januari ile ukiamka asubuhi ya kufungua shule, unatakiwa uwe umenunua nini na nini?" Kisha nyamaza, uandike anavyotaja. Atataja sketi, sweta, fulana ya michezo, mfuko, pea ya viatu. Muulize bei ya kila kimoja na duka gani. Halafu muulize anachouza ili kupata hela hiyo na kinakuwa tayari mwezi gani. Mkulima wa mahindi aliyevuna Julai na kuuza Agosti hana kitu Januari, na hilo ni muhimu zaidi ya jumla yenyewe. Ukimaliza soma orodha kwa sauti mbele yake. Mara nyingi atasema, "Ongeza na ream ya karatasi," na hapo umepata mchango ambao haumo kwenye waraka wowote.

Mchango ukitajwa, usiuandike siku hiyo. Fuatilia: ulipitishwa na mkutano gani, tarehe ngapi, muhtasari uko kwa nani, stakabadhi ipo, na asiyelipa anafanywa nini? Omba uone stakabadhi kwa macho. Nimekutana na mchango ambao wazazi watatu waliutaja kwa viwango vitatu tofauti, na muhtasari wa mkutano ukaonyesha cha nne. Kumbe wawili walikuwa wanajumlisha deni la mwaka uliotangulia. Kama ningeandika nilichosikia mara ya kwanza, shule ingekanusha kwa haki na habari nzima ingeanguka kwa kosa hilo moja.

Tafuta wazazi wasiofika mikutanoni. Mwenyekiti wa kamati ya shule ni mzazi pia, lakini amekwisha kuzoea kuongea na wageni. Nenda gulioni, nenda kisimani, nenda kwa bibi anayelea wajukuu. Bibi huyo ndiye mzazi kwa habari yako, na pengine hajaambiwa kabisa kwamba mjukuu wa darasa la chini atamaliza mwaka mmoja mapema. Kama hajui, hiyo ni habari peke yake. Waulize wazazi kumi swali moja tu, "mtoto wako anamaliza mwaka gani?", uhesabu waliopatia. Utaandika "kati ya wazazi kumi niliowauliza", na kamwe usiandike "wazazi wengi".

Walimu: waulize kuhusu Jumatatu

Mwalimu mzuri kwako si lazima awe mkuu wa shule. Ni yule anayeingia madarasa yote mawili. Huyo anafundisha mitaala miwili kwa siku moja, na anajua kitu ambacho ofisi haikijui: watoto watakaokaa dawati moja kidato cha kwanza wanatoka kwenye vitabu tofauti. Kundi la zamani limesoma Maarifa ya Jamii na Uraia na Maadili. Kundi jipya limesoma Historia ya Tanzania na Maadili, na Jiografia na Mazingira.

Mwombe akusimulie Jumatatu iliyopita, kipindi kwa kipindi. Aliingia darasa gani saa ngapi, kitabu kilikuwa kimoja kwa watoto wangapi, maandalio ya somo aliyaandika mangapi. Mwombe akuoneshe vitabu na uhesabu nakala. Kisha uliza alipata mafunzo ya mtaala mpya kwa siku ngapi, na nani aliyefundisha: mkufunzi, au mwenzake aliyekwenda semina akarudi kuwasimulia? Maswali haya ni ya kazi, hayamlazimishi kuikosoa serikali, na yanakupa zaidi ya ukosoaji wowote.

Atakapokuwa tayari, muulize linalomtia wasiwasi na linalompa matumaini. Wapo walimu wanaoupenda mtaala mpya kwa dhati, kwa sababu unawapa watoto kazi za mikono na unawaacha waulize. Ukiwaacha nje kwa sababu ulikuja kutafuta malalamiko, umewaonea. Na akisema jambo kisha akaomba lisitoke, lisitoke. Lichukue kama dokezo, utafute mahali pengine pa kulithibitisha.

Usisahau walimu wa sekondari. Wao ndio watakaopokea, na swali lao ni jepesi: nyinyi mko wangapi, kwa ikama mnatakiwa wangapi, na mmeshaambiwa nini kuhusu Januari 2028? Kama jibu la swali la tatu ni kwamba hawajaambiwa kitu, andika tarehe waliyokujibu.

Wanafunzi: polepole

Hapa ndipo nilipowahi kukosea, na kosa hilo sijalisahau. Nilimnukuu binti wa darasa la sita bila kutaja jina lake. Nilidhani nimemlinda. Lakini niliandika kwamba anatembea kutoka kitongoji fulani na kwamba mama yake anauza maandazi, na siku ya pili darasa zima lilimjua. Alichoniambia kilikuwa cha kawaida tu, kwamba kitabu hakimfikii, lakini kilisomwa kama mashtaka dhidi ya mwalimu wake. Niliomba radhi kwa familia. Radhi haikufuta yale aliyoyasikia darasani.

Tangu hapo nina utaratibu. Kwanza ridhaa ya mzazi au mlezi, kisha ya mtoto mwenyewe, na ya mtoto ina nguvu ya kukataa hata kama mzazi amekubali. Nahoji watoto wawili au watatu pamoja, mahali panapoonekana na watu wazima lakini wasipoweza kusikia. Mwalimu akisimama nyuma ya mtoto, mtoto atakariri. Ninapoandika nachagua kimoja tu: shule, au darasa, au kitongoji, au kazi ya mzazi. Viwili vikikutana katika kijiji, jina limeshatajwa.

Usimuulize mtoto kuhusu sera. Muulize kuhusu daftari. "Nioneshe somo unalolipenda. Hapa mlifanya nini? Na hapa mbona hamkumaliza?" Ukiwapata ndugu wawili wa madarasa hayo mawili, waombe waweke vitabu vyao mkekani kwa pamoja. Mdogo atakueleza kwamba hawezi kurithi vitabu vya kaka yake, kwa kuwa masomo yenyewe yamebadilika majina na mambo. Kaka naye atakuwa na la kwake: amesoma mwaka mmoja zaidi, na wataingia kidato kimoja. Wengine hilo linawachoma, wengine wanafurahi kwamba watakwenda shule pamoja njia ndefu ile. Acha waseme wenyewe ni lipi. Usiwape maneno.

Watoto huuliza pia, na maswali yao ni mazuri kuliko yetu. Kama watataka kujua mtihani wao utakuwa mmoja au tofauti, na nani atachaguliwa kwanza, yaandike vilivyo uyapeleke yanakohusika.

Ofisini, na namba mkononi

Sasa ndipo unaporudi kwa viongozi. Jua nani anajibu nini, la sivyo utazungushwa. Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia inahusika na sera. Taasisi ya Elimu Tanzania inaandaa mitaala na vitabu. Baraza la Mitihani, NECTA, ndilo la kuuliza kuhusu upimaji wa makundi haya mawili. Shule zenyewe, vyumba vyake na walimu wake, ziko chini ya TAMISEMI kupitia halmashauri. Ukimuuliza mkurugenzi wa halmashauri kwa nini miaka imekuwa sita, atakuwa na haki ya kutokujibu. Muulize kuhusu vyumba sita.

Na muulize hivi: vyumba hivyo vimo katika bajeti ya mwaka gani? Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai mosi. Chumba cha kutumika Januari 2028 kinatakiwa kiwe kwenye bajeti ya 2026/27, au kwenye ya 2027/28 na fedha zifike mapema, kwa sababu kati ya Julai na Januari kuna miezi sita ya kutafuta fundi, kufyatua tofali na kupaua. Inawezekana. Mwishoni mwa 2021 serikali ilijenga vyumba 15,000 nchi nzima kwa fedha za UVIKO-19 ndani ya muda mfupi. Ila vile vilikuwa na fungu lake. Omba uoneshwe fungu la vyumba vya kata yako, na kama halipo, hudhuria kikao cha Baraza la Madiwani bajeti inapojadiliwa na umuulize diwani wenu mbele ya watu.

Mtu anaweza kukutajia Kenya. Ni sawa, ila utaje vizuri. Huko, mwishoni mwa 2022, watahiniwa wa darasa la nane na wanafunzi wa gredi ya sita walimaliza mwaka mmoja. Mpango wa awali ulikuwa gredi ya saba ikaanzie sekondari, na Desemba 2022, wiki chache kabla ya shule kufunguliwa, ikaamuliwa wabaki shule za msingi. Huo si utabiri wa yatakayotokea hapa. Unakupa tu swali la kumuuliza afisa: uamuzi wa mwisho kuhusu watoto hawa watakaa wapi utatolewa tarehe ngapi?

Mpe kila ofisi namba zako kabla ya kuchapisha, zote, pamoja na ulivyozipata. Wakisahihisha, shukuru na urekebishe. Wasipojibu, andika siku uliyopeleka barua na nani aliyeigonga mhuri.

Kuandika

Usifungue na waziri. Usifungue na "wadau wa elimu" pia. Fungua na kitu ulichokiona kinachobeba hesabu ndani yake. Kwa kata yetu ya mfano ningeandika hivi:

"Juu ya mkeka kuna vitabu vya watoto wawili wa nyumba moja, na hakuna hata kimoja wanachoweza kuazimana. Mmoja anasoma mtaala wa zamani, mwingine mpya. Januari 2028 wataingia kidato cha kwanza pamoja, katika sekondari ambayo kwa hesabu zilizopo leo itapungukiwa vyumba sita."

Aya ya pili ieleze badiliko kwa mistari yako miwili ya mwaka, kwa lugha ya mtu anayemweleza jirani. Ya tatu ilete namba na jinsi zilivyopatikana. Baada ya hapo mpe mzazi nafasi ya kutosha, labda aya tatu mfululizo, kisha mwalimu, kisha watoto. Usiwakatekate, sentensi moja hapa na nyingine kule kati ya kauli za viongozi. Anayesikilizwa kweli hupewa nafasi ya kumaliza wazo lake. Majibu ya halmashauri yaingie mara tu baada ya pengo la vyumba, wala yasisubiri mkiani, maana msomaji atataka kuyajua papo hapo.

Angalia makosa matatu kabla ya kutuma. Usiandike "darasa la saba limefutwa" wakati 2027 watoto bado wamo ndani yake. Usiandike "Tanzania" panapostahili "Tanzania Bara", kwa kuwa elimu ya msingi Zanzibar ina utaratibu wake. Na usichanganye Januari 2028 ya kuingia na 2027 ya kumaliza, kosa ambalo huanzia kwenye kichwa cha habari.

Habari ikishatoka, irudishe ilikotoka. Nimekuwa nikichapa nakala na kumpelekea Afisa Elimu Kata, mwalimu niliyemhoji na wazazi walionikaribisha. Bibi asiyejua kusoma nilimsomea uani. Alinikatisha mahali pamoja tu, kwenye bei ya sweta, akasema imeshapanda. Nikaiandika bei mpya pembeni ya ile ya zamani, na tarehe, kwenye daftari lilelile lenye mistari miwili ya miaka.